PS5 na mtoto wa miaka 11: akaunti, pesa na gumzo

Leo tuziache kompyuta kidogo tuingie sebuleni, kwenye ile mashine nyeupe iliyo chini ya televisheni. Dada yangu alinunua PS5 ya mkono wa pili mwaka jana, 2025. Kama ilivyo katika nyumba nyingi, alifungua akaunti moja kwa jina lake na mwanawe akawa anacheza humo humo. Kijana ana miaka 11. Anapenda EA Sports FC, na siku hizi Fortnite pamoja na binamu zake walio Eldoret.

Likizo ya Agosti mambo mawili yalitokea ndani ya wiki moja. Vocha ya dola 50 ambayo dada alikuwa ameiweka kwenye pochi ya akaunti kwa ajili ya geimu yake ya Krismasi iliisha jioni moja kwa kununua pointi na paketi za wachezaji. Halafu siku ya Jumamosi dada alipita sebuleni akasikia sauti ya mwanamume mzima kwenye spika ikimwuliza mtoto anaishi mtaa gani. Alichomoa waya ukutani, akanipigia simu. "Kaka, hii kitu nakuletea uichukue." Tulikubaliana asiilete, nitakwenda mimi.

Kabla ya kugusa kitufe chochote kuna jambo moja la kuelewa, kwa maana ndilo linalowapotosha watu wengi. Kwenye PlayStation vizuizi vyote vya maana vimefungwa kwenye akaunti ya mtoto, si kwenye mashine. Kikomo cha pesa ni cha akaunti. Kufunga gumzo ni kwa akaunti. Umri wa geimu anazoruhusiwa, vivyo hivyo. Kwa hiyo ukimtengenezea mtoto akaunti yenye makufuli kumi, halafu akashika pedi na kuchagua jina lako pale mwanzo, amepita makufuli yote kumi bila hata kujua yalikuwepo. Kazi yenyewe basi ina sehemu mbili: kumpa mtoto akaunti yake, na kuziba kila mlango unaomruhusu kuingia kwa akaunti nyingine. Sehemu ya kwanza wazazi huifanya. Ya pili karibu hakuna anayeifanya.

Tuanze na akaunti. Mzazi ndiye anayekuwa mkuu wa familia, kwenye skrini utaona ameitwa `Family Manager`. Ingia kwa akaunti ya mzazi, nenda `Settings`, kisha `Family and Parental Controls`, kisha `Family Management`, na hapo uchague kuongeza mtoto. Mashine itauliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Andika ya kweli. Najua wengi huandika 1990 ili mambo yaende haraka, lakini tarehe hiyo ndiyo inayoiambia mashine kwamba huyu ni mtoto. Ukiandika 1990 umetengeneza mtu mzima mwingine na hakuna kizuizi kitakachomshika. Utahitaji pia barua pepe ya mtoto ambayo haijatumika kwenye PlayStation. Dada alifungua mpya, neno la siri analijua yeye peke yake.

Hapa Kenya kuna kona yetu. Mtandao wa PlayStation haujawahi kuiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zake. Mnaokumbuka sakata ya Helldivers 2 ya Mei 2024 mtakumbuka kwamba geimu ile iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na mtandao huo, na sisi tulikuwa humo. Ndiyo maana watu hapa hufungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, jambo ambalo ukisoma masharti yao halipendwi, lakini ndiyo hali. Kinachotuhusu leo ni kwamba akaunti ya mtoto hufuata nchi ya akaunti ya mzazi, na nchi ikishawekwa haibadilishwi. Ya dada ni ya Marekani, kwa hiyo ya mtoto ni ya Marekani, na vocha lazima ziwe za dola za Marekani. Ukinunua ya pauni kwa sababu ilikuwa na punguzo, itakataa.

Baada ya tarehe, mashine inakupa vifurushi vya vizuizi vilivyopangwa tayari kulingana na umri: `Child`, `Early Teens` na `Late Teens or Older`, na chaguo la kutoweka kizuizi chochote. Tulichukua `Child`, kisha tukafungua kimoja kimoja kile ambacho dada alitaka kukilegeza. Njia hii ni rahisi kuliko kuanza na mlango wazi halafu ukaanza kutafuta cha kufunga, maana utasahau kimoja.

Sasa pesa. Mtoto hana pochi yake mwenyewe. Anaponunua kitu, pesa zinatoka kwenye pochi ya mzazi, hadi kufikia kiwango cha mwezi ambacho mzazi ameweka, yaani `Monthly Spending Limit`. Kwa mtoto kiwango hicho huanzia sifuri. Dada alitaka kijana apate kitu kidogo kila mwezi akimaliza homuwaki, tukaweka dola 10.

Kiwango peke yake hakikuniridhisha, na hapa nawapa ushauri ambao nadhani unafaa nchi yetu kuliko ule ulioandikwa kwa watu wa Marekani. Usiweke kadi ya benki kwenye akaunti ya mzazi. Tumia vocha tu. Kadi nyingi za hapa hata hivyo hukataliwa na akaunti za Marekani kwa sababu anwani ya kadi hailingani, lakini hata kama yako inakubali, iondoe. Vocha ni kama ile kredo ya kukwangua: iliyomo ndiyo iliyomo, ikiisha imeisha, hakuna wa kwenda kuchukua nyingine benki usiku wa manane. Dada ananunua ya dola 10 kwa M-Pesa mwanzo wa mwezi na kuiingiza mwenyewe. Hivyo vizuizi ni viwili, na kimoja kikilegea kingine kipo.

Lakini jueni kikomo hicho hakioni kila kitu. Kinaona pesa zinazopita kwenye duka la PlayStation tu. Fortnite wana vocha zao za V-Bucks ambazo huingizwa kwenye tovuti yao wenyewe. Mtoto mwenye pesa za sikukuu na rafiki mwenye M-Pesa anaweza kuipata, na PlayStation haitajua lolote. Vilevile, V-Bucks zikishaingia, kuzitumia ndani ya geimu hakuhesabiki kama matumizi ya mwezi. Dada aliposikia hivyo aliguna tu. Hilo halizibwi kwa mipangilio. Linajulikana kwa kutazama. Mtoto akionekana na vazi jipya mwezi ambao hakuna risiti iliyofika kwenye barua pepe ya mama, kuna vocha iliyoingia kwa mlango mwingine.

Na zile dola 50? Hazikurudi. Sheria ya duka ni kwamba pointi na vitu vya ndani ya geimu vikishafika kwako havirudishwi pesa. Geimu yenyewe unaweza kuirudisha ndani ya siku 14 kama hujaanza kuipakua, lakini paketi iliyofunguliwa imekwenda.

Tuje kwenye gumzo, ambalo ndilo lililomfanya dada achomoe waya. Kwenye vizuizi vya mtoto kuna kimoja kinachoitwa `Communication and User-Generated Content`. Kikiwa kimefungwa, mtoto hawezi kutuma ujumbe wala kuongea kwa sauti na wachezaji wengine kupitia PlayStation, na haoni picha na video zinazowekwa na watu. Kifurushi cha `Child` tayari kinakifunga. Ukiishia hapo, kijana atacheza kimya kimya, na kwa watoto wengi inatosha.

Kwetu haikutosha, kwa sababu ya binamu wa Eldoret. Geimu ya kikundi bila kuongea ni kama kucheza kati huku mmefungwa midomo. PlayStation wameliona hilo: mtoto anaweza kutuma ombi la kuruhusiwa kuwasiliana katika geimu moja mahususi, mzazi akakubali, na geimu hiyo pekee ikafunguliwa huku mengine yote yakibaki yamefungwa. Tukafanya hivyo kwa Fortnite. EA Sports FC ikabaki kimya, maana huko hana binamu, ana wageni tu wanaotukana wakifungwa.

Ila ukishaifungulia Fortnite, umempeleka mtoto kwenye nyumba nyingine yenye mlango wake. Fortnite haitumii akaunti ya PlayStation peke yake, ina akaunti ya Epic nyuma yake, na gumzo lake linaendeshwa na Epic. Hiyo ndiyo sababu mtoto wa PS5 anaongea na mwenye simu na mwenye kompyuta kwa pamoja. Zaidi ya hayo, akiingia kwa akaunti hiyo hiyo ya Epic kwenye simu ya mjomba wake, kizuizi cha PlayStation hakipo kabisa. Hakikuwekwa kwenye simu.

Kwa hiyo lazima uweke vizuizi vya Epic pia. Mnapofungua akaunti ya Epic ya mtoto, weka tena tarehe ya kweli. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hupewa akaunti ambayo wao huiita `Cabined Account`: anaweza kucheza, lakini gumzo na ununuzi vimezimwa hadi mzazi aidhinishe kupitia barua pepe yake. Jambo hili lilianza Desemba 2022, mwezi ule ule ambao Epic ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani kulipa jumla ya dola milioni 520. Milioni 275 zilikuwa za kosa la faragha ya watoto, na miongoni mwa malalamiko ni kwamba gumzo la sauti na maandishi lilikuwa limewashwa tangu mwanzo kwa watoto. Milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu waliouziwa vitu kwa vitufe vya hila. Ukijiuliza kwa nini leo makufuli yapo mengi kuliko miaka ile, sehemu ya jibu ni hiyo.

Ndani ya vizuizi vya Epic, ambavyo unavilinda kwa namba ya siri ya tarakimu sita, gumzo la sauti lina ngazi kuanzia watu wote, kushuka hadi marafiki peke yao, hadi hakuna mtu. Tuliweka marafiki peke yao, sauti na maandishi. Sasa "marafiki" haina maana yoyote ikiwa mtoto anaweza kumkubali mtu yeyote awe rafiki. Kwa hiyo kuna kitufe kingine cha kutaka namba ya siri kila anapotaka kuongeza rafiki, nacho tukakiwasha. Watu wengi huweka la kwanza na kusahau la pili, na yule mwanamume wa Jumamosi angetuma ombi la urafiki na kuingia.

Hadi hapo mtoto ana akaunti iliyotulia. Tugeukie sasa milango mingine.

Wa kwanza ni akaunti ya mama. Weka namba ya siri ya kuingilia: `Settings`, `Users and Accounts`, `Login Settings`. Tarakimu nne, na isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, tafadhali. Hapo hapo kwenye mambo ya malipo ya akaunti, washa lile la kudai neno la siri kila unaponunua.

Wa pili ndio unaosahaulika kuliko yote. Hata bila akaunti ya mama, mtu yeyote anaweza kuongeza mtumiaji mpya kwenye PS5 au kuingia kama mgeni, na mtumiaji huyo mpya hajui habari za vizuizi vyako. Mtoto wa miaka 11 atagundua hilo kabla ya chakula cha jioni. Nenda `Family and Parental Controls`, kisha `PS5 Console Restrictions`. Itadai namba ya siri, na ile inayotoka nayo kiwandani ni hii:

```
0000
```

Ndiyo, sufuri nne, kwenye kila mashine. Ibadilishe kwanza. Kisha tafuta `User Creation and Guest Login` na uizuie. Hiki ni kimoja cha vizuizi vichache vinavyokaa kwenye mashine yenyewe, na ndicho kinachovipa nguvu vile vya akaunti. Andika namba mpya mahali salama, kwa sababu ukiisahau itabidi uifute mashine yote na kuanza upya. Na hilo lina upande wa pili: mtoto mkaidi naye anaweza kuifuta mashine yote. Akifanya hivyo kufuli hili litarudi kwenye sufuri nne, lakini vizuizi vya akaunti yake vitabaki, maana hivyo vimehifadhiwa huko kwenye seva za PlayStation. Na utajua, kwa sababu geimu zote zitakuwa zimetoweka na jina la mama halitakuwepo pale mwanzo.

Kuna mlango wa tatu ambao si wa kufunga, ni wa kufungua. Mtoto hutumia akaunti ya mama kwa sababu geimu zimenunuliwa humo. Ukimhamisha akakuta haziwaki, atarudi kule kwa njia yoyote. Kwenye akaunti ya mama, ndani ya `Users and Accounts`, sehemu ya `Other`, hakikisha `Console Sharing and Offline Play` imewashwa. Ikiwa imewashwa, geimu za mama zinachezeka kwa akaunti ya mtoto kwenye mashine hiyo, na kama mama analipia PlayStation Plus, mtoto naye anacheza mtandaoni.

Kitu kimoja hakihami, nacho kilituletea machozi. Maendeleo ya geimu ni mali ya akaunti iliyoyatengeneza. Kijana alikuwa na misimu miwili ya kuifundisha Arsenal kwenye akaunti ya mamake, ameshauza nusu ya kikosi na kuchukua kombe, na faili hiyo haiwezi kwenda kwenye akaunti mpya. Geimu za PS5 hata USB hazikubali kunakiliwa. "Anko, nianze tena kutoka mwanzo?" Alikaa kwenye ngazi za nje karibu saa nzima. Dada aliamua msimu uliobaki amalizie kwenye akaunti ya mama, mama akiwa ameketi hapo na namba ameiweka mwenyewe, Jumapili tu. Si suluhisho la kitabu, ila nililiona la haki, maana ile kazi ilikuwa yake. Kama mtoto wako hajaanza kucheza bado, mpe akaunti yake siku ya kwanza na hutakutana na jambo hili.

Muda wa kucheza nao unapangwa hapo hapo kwenye vizuizi, sitakaa sana nao. Nitasema tu kwamba tangu Septemba 2025 kuna programu ya simu inaitwa PlayStation Family, ambayo inamwezesha mzazi kuona mtoto anacheza nini, kuongeza dakika na kubadilisha vikomo bila kugusa pedi. Dada anaitumia akiwa kazini.

Tulipomaliza, tulijaribu. Usiiamini skrini ya mipangilio. Keti kama mtoto ujaribu kuvunja. Niliingia kwa akaunti ya kijana nikajaribu kununua kitu cha dola 20: ilikataa. Nikajaribu kumtumia ujumbe rafiki yangu: ilikataa. Nikatoka hadi pale pa kuchagua mtumiaji, nikajaribu kuongeza mgeni: imefungwa. Nikajaribu jina la mama: inadai namba. Kisha nikaingia Fortnite, mchezo wenye wageni watatu kwenye kikosi: hakuna sauti. Mwisho binamu wa kwanza alituma ombi kutoka Eldoret, namba ya siri ikadaiwa, dada akaiweka akiwa amegeuza skrini ya kichwa cha mtoto kwa kiganja chake, na kelele zikaanza. Binamu wa pili jina lake la mtandaoni lilikuwa na tarakimu ambazo hakuna aliyezitambua, kwa hiyo dada alimpigia mamake simu kwanza akamwuliza. Ni yeye kweli.

Kwa jirani kuna PS4 isiyo na kizuizi hata kimoja, na kijana huenda huko Jumamosi. Mama wa nyumba ile ameniomba nipite wiki ijayo. Kwenye PS4 maneno ya skrini yanatofautiana kidogo, na sehemu ya wageni inaitwa `New User Creation and Guest Login`, lakini sufuri nne ni zile zile.